Jinsi ya kutengeneza jedwali la msamiati wa Kiswahili na Kiingereza: kazi ya nazi, kutoka mtini hadi chunguni

Mgeni anayejifunza Kiswahili anaweza kuwa na daftari lenye maneno mia tano, kila moja na Kiingereza chake pembeni: mbuzi ni *goat*, kuna ni *there is*, kufua ni *to wash clothes*. Kisha anakaribishwa jikoni Pemba au Kilifi, anaambiwa, "Lete mbuzi ukune nazi," naye anatazama mlangoni kama kuna mnyama amefungwa nje. Maneno yote anayajua, ila alichoambiwa hakukielewa hata kidogo.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, au mtu yeyote anayemsaidia rafiki yake anayejua Kiingereza kujifunza Kiswahili. Nitaonyesha jinsi ya kujenga jedwali moja dogo lenye neno, umbo lake, Kiingereza chake, mfano na dokezo. Nimechagua nazi kwa sababu ndani ya kazi hiyo moja kuna karibu kila mtego unaowanasa wanafunzi: maneno yenye sura moja na maana mbili, vitu visivyo na jina la moja kwa moja upande wa pili, na maneno yanayobadilika maana ukivuka mpaka.

1. Anza na kazi, si na mada

Kichwa kama "Chakula" ni kipana mno. Utajaza vijiko, samaki, njaa na mgahawa, na mwanafunzi hatapata hata mazungumzo moja kamili. Chukua kazi moja yenye mwanzo na mwisho, umtafute mtu anayeifanya, umwombe akueleze kana kwamba wewe hujawahi kuiona. Andika anavyosema, bila kumsahihisha. Kwa nazi utapata maelezo kama haya:

"Nazi kwanza unaifua kwenye kifuo, unatoa makumbi. Halafu unaivunja, maji yake unayamwaga au unawapa watoto. Unakaa kwenye mbuzi, unakuna. Ukishamaliza unatia maji ya vuguvugu kidogo, unakamua, unachuja. Hilo ndilo tui zito, liweke pembeni. Yale machicha yatie maji tena, ukamue, upate tui jepesi. Mchuzi unaanza kuupika na tui jepesi. Lile zito unalitia mwishoni, na ukoroge polepole lisikatike."

Hapo una karibu msamiati wote, tena kwa mpangilio wake. Pigia mstari maneno ambayo mwanafunzi wako hayajui. Usizidishe kumi na tano. Maneno kama maji, kukaa na kutia yaache nje kama anayajua tayari, kwa sababu yatakuwa na kazi kubwa zaidi kwenye mifano.

Na usiyapange kwa alfabeti. Mpangilio huo ni wa kamusi, ambayo mtu huifungua akiwa anatafuta neno fulani. Jedwali la kujifunzia linasomwa kutoka juu kwenda chini, na mtu anayefuata safari ya nazi kutoka mtini hadi chunguni anakumbuka machicha kwa sababu yanakuja baada ya kukamua.

2. Andika umbo la neno kabla ya maana yake

Nomino iandike kwa umoja kama watu wanaitumia kwa umoja, kisha wingi na ngeli yake. Nazi ni I-ZI, dafu ni LI-YA, mnazi ni U-I, kifuu ni KI-VI. Ikiwa mwanafunzi wako anatumia kitabu kilichoandikwa ng'ambo, huenda ngeli zake zina namba badala ya majina. Mwandikie ufunguo chini ya jedwali mara moja tu: U-I ni 3/4, LI-YA ni 5/6, KI-VI ni 7/8, I-ZI ni 9/10.

Pale ambapo umoja upo kwenye kamusi lakini haupo midomoni, fuata midomo. Chicha lipo, ila jikoni utasikia machicha, basi liingie hivyo.

Kitenzi kiandike kwa mzizi wake na kistari mbele: -fua, -kuna, -kamua. Kwenye jedwali hili kistari hicho si pambo. "Kuna nazi" inaweza kuwa taarifa kwamba nazi zipo, na inaweza kuwa amri kwamba chukua nazi uikune. Maandishi yale yale, matamshi yale yale, mkazo pale pale. Mwanafunzi akiona *kuna* bila kistari ataichukua ile anayoijua tangu somo la kwanza. Vivyo hivyo -katika, la tui kukatika, na lile katika la "katika nyumba".

3. Mfano uonyeshe ngeli, na uwe wa neno hilo tu

Hapa ndipo majedwali mengi yanapoharibika. Mwandishi anachoka, anaandika "Ninapenda dafu", "Nilinunua nazi sokoni", "Mama ana kifuu". Sentensi hizo ni sahihi na hazimfundishi mtu kitu. Ondoa dafu, weka embe, soksi au redio, sentensi inabaki imesimama.

Tuichukue hiyo ya dafu tuirekebishe. "Ninapenda dafu" haionyeshi ngeli, maana hakuna kinachokubaliana na dafu. Tukiandika "Dafu hili ni tamu", ngeli imeonekana kupitia *hili*, lakini embe bado linaingia pale bila shida. Tukiandika "Nikatie dafu lenye maji mengi, nina kiu", ngeli ipo kwenye *lenye*, na kukata, maji na kiu vinaelekeza kwenye dafu. Tena ni sentensi ambayo mwanafunzi anaweza kumwambia muuza madafu barabarani kama ilivyo.

Kipimo ni rahisi. Funika neno lenyewe, mpe sentensi mtu anayekijua Kiswahili tangu utotoni, mwambie ajaze pengo. Akijaza neno lako au la karibu sana, mfano umepita. Akikuuliza "pengo la nini hasa?", andika upya.

Kuna masharti mengine mawili. Sentensi iwe na neno geni moja tu, lile linalofundishwa, au pamoja nalo neno lililokwisha kupita kwenye mistari ya juu. Na isizidi maneno kumi hivi. Tafsiri ya sentensi mimi siiweki kwenye jedwali. Ikikaa pembeni, jicho linakimbilia huko, na mfano unasomwa kwa Kiingereza. Ukiona ni lazima, iweke kwenye karatasi nyingine.

4. Safu ya Kiingereza: maneno mawili yasipewe jibu moja

Nazi na dafu vyote ni *coconut* kwa mtu aliyekulia London. Ukiandika hivyo kwenye mistari yote miwili, siku mwanafunzi atakapojipima kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili hatajua unataka lipi. Ongeza neno la kutofautisha: *green drinking coconut* kwa dafu, *mature coconut* kwa nazi. Watu wa pwani wana hatua zaidi: kidaka likiwa changa kabisa, kisha kitale, dafu, koroma ambalo limepita udafu na halijafika unazi, halafu nazi yenyewe. Hayo yaachie jedwali la pili. Anayeanza anahitaji mawili tu, la kunywa na la kukuna.

Kama unafanyia kazi kwenye programu ya lahajedwali na Kiingereza kiko safu ya C, weka fomula hii pembeni ya safu mlalo ya pili na uivute chini:

```
=COUNTIF(C:C,C2)
```

Popote itakapotoa namba zaidi ya 1, una majibu mawili yanayofanana.

Mtego mkubwa zaidi ni tui. Kiingereza chake ni *coconut milk*, na mwanafunzi akilichambua kipande kwa kipande anazalisha "maziwa ya nazi". Ataeleweka, lakini atasikika kama lebo ya kopo dukani. Baya zaidi, wapo waongeaji wa Kiingereza wanaotumia *coconut milk* kwa maji yaliyomo ndani ya tunda. Kwa hiyo tafsiri peke yake haitoshi. Dokezo lazima liseme tui linapatikana kwa kukuna na kukamua, na kwamba kinachotoka ukivunja nazi ni maji.

Kitu kisichokuwepo upande wa pili kieleze kwa maneno mawili matatu, usilazimishe jina. *Grater* peke yake inamletea mwanafunzi picha ya bati lenye matundu la kuparuzia karoti. Mbuzi ya pwani ni kigoda cha kukunja, mtu anakikalia, mbele kimetokeza chuma chenye meno. Andika *coconut grater stool*, na kama unaweza bandika picha.

5. Dokezo liwe moja, na liwe la kumwokoa

Dokezo si mahali pa kumwaga kila unachokijua. Jiulize: mwanafunzi huyu akilitumia neno hili kesho, atakosea wapi? Andika hilo tu.

Kwa mbuzi, kosa ni ngeli. Mnyama ni *mbuzi huyu*, kifaa ni *mbuzi hii*. Ndiyo maana naupenda mfano "Mbuzi hii ina meno makali": *hii* na *ina* ndizo pekee zinazomwambia msikilizaji kwamba hatuzungumzii mnyama, kwa kuwa meno wote wawili wanayo. Mbuzi wa malishoni, kama unamhitaji, mpe mstari wake kwenye jedwali la wanyama. Usiweke maana mbili katika mstari mmoja zikitenganishwa na nukta mkato. Mwanafunzi atakariri ya kwanza na kuiacha ya pili.

Kwa -fua, kosa ni kudhani kwamba nazi inaoshwa. Kinachofuliwa ndicho kinachoamua maana: nguo kwa maji na sabuni, nazi kwa kuichomeka kwenye ncha ya kifuo na kuibandua makumbi. Hivyo -fua kwenye jedwali hili isikae peke yake, ikae pamoja na nazi yake.

Vitenzi vya kazi vina umbo moja linalostahili dokezo, la kifaa: mbuzi ya *kukunia*, chombo cha *kukamulia*, kitambaa cha *kuchujia*. Akilishika hilo hapa ataweza kuuliza jina la kifaa chochote asichokijua: "Kile cha kuchujia kinaitwaje?"

Tofauti za mahali ziandike pale tu zinapoweza kuleta kizaazaa. Pwani ya Kenya mnazi si mti tu, ni pia ulevi unaogemwa kutoka kwenye mti huo. Mgeni akisema "napenda sana mnazi" atachekwa kabla hajaeleza kwamba alimaanisha kivuli chake. Kinywaji hicho hicho huitwa pia tembo, na hapo tena yupo mnyama. Lakini kwamba Watanzania huita shilingi yao pesa ya madafu, hilo ni tamu kulisimulia darasani, ila kwenye jedwali la jikoni halina nafasi.

6. Jedwali lenyewe

| Neno | Wingi na ngeli | Kiingereza | Mfano | Dokezo |
|---|---|---|---|---|
| mnazi | minazi, U-I | *coconut palm* | Mnazi ule umezaa sana mwaka huu. | Pwani ya Kenya ni pia jina la kinywaji kinachogemwa mtini. |
| dafu | madafu, LI-YA | *green drinking coconut* | Nikatie dafu lenye maji mengi, nina kiu. | La kunywa. Halikunwi. |
| nazi | nazi, I-ZI | *mature coconut* | Nazi hizi mbili zinatosha wali wa leo. | Umoja na wingi vinafanana, tazama hii/hizi. |
| -fua (nazi) | | *to husk* | Zifue nazi zote kabla ya kuzivunja. | Nguo nazo hufuliwa, kwa maana ya kuoshwa. |
| kifuo | vifuo, KI-VI | *husking spike* | Kifuo kimesimikwa ardhini, ncha yake iko juu. | Kinatokana na -fua. |
| makumbi | LI-YA, umoja kumbi | *coconut husks* | Makumbi haya yaloweke, tutasokota kamba. | Ni ganda la nje lenye nyuzi. |
| kifuu | vifuu, KI-VI | *coconut shell* | Kifuu hiki kigumu kitafaa kwa upawa. | Ni ganda la ndani. Usichanganye na kifuo. |
| mbuzi | mbuzi, I-ZI | *coconut grater stool* | Mbuzi hii ina meno makali, angalia vidole. | Mnyama ni mbuzi huyu. |
| -kuna | | *to grate* | Ikune nazi, lakini usifike kwenye kifuu. | Kujikuna ni kwa ngozi inayowasha. |
| -kamua | | *to squeeze out* | Tia maji ya vuguvugu, kisha ukamue. | Ng'ombe pia hukamuliwa. |
| tui | LI, halina wingi | *coconut milk* | Tui zito liweke pembeni, tutalitia mwisho. | Ya ndani ya tunda ni maji, si tui. |
| machicha | YA | *grated coconut after squeezing* | Machicha haya bado yana tui, yatie maji tena. | Kabla ya kukamuliwa ni nazi iliyokunwa. |
| -katika | | *to split, to curdle* | Koroga polepole tui lisikatike. | Si lile katika la mahali. |

Angalia kifuo na kifuu. Yametofautiana herufi moja, ngeli ni ile ile, na yote yanahusu nazi. Maneno ya namna hiyo usiyafundishe siku moja. Yapo jirani kwenye jedwali kwa sababu kazi inayaweka jirani, lakini siku ya kwanza funika mstari wa kifuo, mwanafunzi aanze na kifuu ambacho anaweza kukishika mkononi.

Upawa uliomo kwenye mfano wa kifuu nao unaweza kuwa neno geni, na hapo nimeivunja kanuni yangu mwenyewe ya neno geni moja. Nimeuacha kwa sababu wanafunzi wengi wa pwani wameuona mezani, ule upawa wa kuchotea mchuzi. Kama wako hajauona, andika "kitafaa kwa kuchotea maji".

7. Jaribu, kisha hamishia kwenye kadi

Siku ya majaribio mpe mwanafunzi jedwali likiwa na safu mbili tu, Kiingereza na mfano, na ndani ya mfano neno umelitoa. Makosa yatakwambia nini kimeharibika. Akijaza neno lisilo lenyewe lakini la ngeli hiyo hiyo, mfano wako hauelekezi vya kutosha. Akijaza neno sahihi lakini akishaanza kusema mwenyewe anasema "mbuzi huyu amevunjika" kwa kifaa, safu ya ngeli hakuisoma. Msomee mfano kwa sauti, arudie. Akiandika "maziwa", dokezo la tui halijaingia kichwani, na dawa yake ni jikoni: nazi moja ikunwe mbele yake.

Jedwali likishapita, ligeuze kuwa kadi za kurudia. Programu ya Anki inapokea faili la maandishi ya kawaida. Usitenganishe safu kwa koma, kwa sababu mifano ina koma ndani yake na sentensi zitakatwa vipande viwili. Tumia mstari wima:

```
#separator:Pipe
#html:false
tui|LI|coconut milk|___ zito liweke pembeni, tutalitia mwisho.|Ya ndani ya tunda ni maji, si tui.
-kuna||to grate|___ nazi, lakini usifike kwenye kifuu.|Kujikuna ni kwa ngozi inayowasha.
```

Hifadhi faili kwa UTF-8. Kitenzi hakina ngeli, ndiyo maana kwenye -kuna mistari wima miwili imefuatana. Ukiusahau mmoja, Kiingereza kitahamia mahali pa ngeli na kadi nzima itakuwa imesogea. Kagua kadi mbili za mwanzo na mbili za vitenzi kabla hujaingiza faili lote.

Mbele ya kadi weka mfano wenye pengo pamoja na Kiingereza, nyuma weka neno, ngeli na dokezo. Kadi yenye Kiingereza peke yake mbele inamrudisha mwanafunzi kwenye daftari lake la maneno mia tano.

Mwisho, mpelekee mpishi uliyeanza naye jedwali lililokamilika, umsomee mfano mmoja mmoja. Atakuambia "sisi hatusemi hivyo" mara mbili tatu. Pale anapotaja neno lake, andika kwenye dokezo na utaje mahali: Unguja, Mafia, Tanga, Kwale. Sentensi ya zamani ifute, uweke ya kwake.